Udi, ganuni na fidla visigongane: panga wimbo wa taarab kuanzia kwenye mstari wa shairi

"Mwalimu shikamoo. Nina shairi la kawaida la taarab, beti tatu na kiitikio, nataka tulipige liwe kama dakika sita. Nina mpiga udi, mpiga ganuni, fidla mbili, chelo, na kijana wa dumbaki. Mwimbaji ni mwanamke. Shida kila tukipiga wote inakuwa uji mtupu, husikii nani anafanya nini, na mdundo unakuwa kama unakatikakatika, hautiririki kama nnavosikia kwenye rekodi za zamani. Naanzia wapi?"

Marahaba mwanangu. Naona kwenye swali lako umetaja vyombo vyote kabla hujasema chochote kuhusu mstari, na mimi nadhani hapo ndo penyewe. Watu wengi wanaanza na vyombo, huyu afanye hivi yule afanye vile, halafu mwisho wanatafuta pa kumpenyeza mwimbaji. Taarab inaenda kinyume chake, mstari wa shairi ndo unaokwambia mdundo uwe na urefu gani, na mdundo ukishakaa ndo unakuonesha nafasi ziko wapi, na vyombo vinaingia kwenye zile nafasi. Kwa hiyo vyombo viweke pembeni kwanza, chukua karatasi na shairi lako.

Shairi la kawaida la taarab lina mistari mitatu kwa beti, kila mstari mizani kumi na sita, nane upande huu na nane upande ule. Hesabu wewe mwenyewe kwa kidole, usimwamini hata aliyekuandikia, manake upande mmoja ukiwa na mizani tisa ndo utakuja kuleta balaa baadaye na utadhani kosa ni la dumbaki. Nitatumia mstari wa mfano nilioutunga sasa hivi, "Jua lilipoinama, nilibaki kukungoja". Ju-a-li-li-po-i-na-ma, nane. Ni-li-ba-ki-ku-ku-ngo-ja, nane. Safi.

Sasa mdundo. Ukitaka kitu kinachotiririka mimi ningekushauri masmudi kubwa, ile ya mapigo manane ya polepole. Dum ni pigo zito la katikati ya ngoma, tak ni lile kali la ukingoni, na inakwenda hivi: dum, dum, kimya, tak, dum, kimya, tak, kimya. Yani dum kwenye 1 na 2, tak kwenye 4, dum tena kwenye 5, tak kwenye 7, na pigo la 3, la 6 na la 8 hazina kitu kizito. Kijana wako wa dumbaki anaijua hata kama haijui kwa jina, manake ukiiharakisha mara mbili inakuwa ile ya kuchezea kwenye harusi. Wewe iweke kwenye mapigo kama 84 kwa dakika, mzunguko mmoja wa mapigo manane utachukua chini kidogo ya sekunde sita.

Upande mmoja wa mstari, mizani nane, unakaa kwenye mzunguko mmoja. Kosa ambalo nalisikia kila mahali ni kugawa kwa usawa, mizani nane mapigo manane, kila silabi pigo lake. Ukifanya hivo mwimbaji anakuwa kama anahesabu wanafunzi mstarini, na zaidi ya hapo anamaliza mzunguko wote yeye peke yake, hakuna tundu hata moja la chombo kupumua. Fanya hivi badala yake. Pigo la 1 mwimbaji anyamaze, dum ile ya kwanza ni ya vyombo. Aingie na dum ya pili, na silabi sita za mwanzo aziseme kwa nusu pigo nusu pigo: Ju kwenye 2, a katikati ya 2 na 3, li kwenye 3, li ya pili katikati, po kwenye 4 pale kwenye tak, i baada yake. Silabi ya saba, na, inaangukia dum ya 5, anaivuta mapigo mawili. Ya nane, ma, inakaa kwenye tak ya 7.

Angalia kilichotokea hapo. Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, lilipoinAma, kukungOja, na kwenye mizani nane silabi hiyo siku zote ni ya saba. Kwa hiyo mkazo wa neno na dum nzito ya katikati vinakutana, upande wa kwanza vinakutana, upande wa pili vinakutana, beti zote tatu vinakutana, bila wewe kulazimisha kitu. Msikilizaji hajui kwa nini lakini anasikia maneno yanaelea juu ya ngoma na hayapotei. Ukisikia mwimbaji wako anasema "kukungojA", mkazo mwisho kama mgeni, basi jua silabi ya nane imekaa kwenye dum badala ya ya saba, irudishe nyuma.

Na sasa tundu limepatikana. Mwimbaji akishagusa ma kwenye 7, kuna nusu pigo baada ya 7, kuna 8, kuna nusu baada ya 8, halafu 1 ya mzunguko unaofata, na yeye haingii mpaka 2. Noti nne, tatu za kupanda au kushuka na moja ya kutua juu ya dum. Hiyo ndo lazima, ile kijibu kifupi cha vyombo, na jina limejieleza lenyewe, si pambo la kuweka ukipenda. Hiyo noti ya kutua kwenye 1 ndo inayoshona mzunguko huu na unaofata. Nyinyi mnakatikakatika kwa sababu, nna uhakika karibu kabisa, lazima zenu zinaishia kwenye 8 halafu wote mnapumua, halafu wote mnaanza upya kwenye 1 na mwimbaji naye yumo. Kila sekunde sita mnajenga ukuta. Ukifanya vyombo vivuke mpaka, vianze mzunguko huu na kutua kwenye unaofata, na mwimbaji aingie wakati vyombo vimeshatua, hakuna mahali ambapo wote wanasimama kwa pamoja.

Mkato mwingine unatoka kwenye ngoma yenyewe. Vijana wa dumbaki wana mikono, wanapenda kujaza, kila mwisho wa mzunguko trrrrak. Mwambie kwa heshima, kijazo kimoja kila mizunguko minne, si zaidi, na kisianze kabla ya pigo la 7. Pigo la 3, la 6 na la 8 aguse kwa vidole tu, zisikike kama mchanga. Ukipata mtu wa rika, ile tari ndogo yenye vikengele, yeye ndo ajaze nusu mapigo kimyakimya na dumbaki ibaki na mifupa. Chelo kwa sehemu kubwa ipigwe kwa kidole na ifate dum tu, 1 na 5. Nasema 1 na 5, ile ya 2 muachie dumbaki na mwimbaji, manake chelo ikigonga na ya 2 mwimbaji anaingia juu ya kitu kizito na maneno yake ya kwanza yanazama. Kupima ni rahisi, weka simu irekodi, mwambie wa dumbaki anyamaze mizunguko miwili katikati ya beti na wengine waendelee. Wimbo ukibaki unatembea, mmeshapata mtiririko. Ukianguka, basi mlikuwa mnabebwa na ngoma na kila mtu alikuwa anaisubiri imwambie pa kwenda.

Makam sasa, yani ngazi ya sauti ambayo wimbo unaipita. Kwenye kundi lako sijaona akodian wala kinanda, na hiyo ni bahati, manake unaweza kwenda Bayati halisi. Bayati ya D inataka E ambayo si E kamili na si E flati, iko katikati, na kitufe cha akodian hakina sauti hiyo. Siku akija mtu na kinanda chake akaomba kujiunga, hamia Hijazi ya D, pale E inakuwa flati kamili na F inakuwa shapu, hakuna robo sauti, hakuna ugomvi. Usijaribu kupiga Bayati juu ya kinanda cha kawaida ukasema watu hawatasikia, watasikia, watafikiri ni mwimbaji anayekosea, na huyo dada ataumia bure.

D inafaa kwa sababu udi wa tyuning ya Kiarabu una nyuzi za wazi za C, F, A, D, G, C kutoka chini kwenda juu, kwa hiyo D unayo wazi, na A na G zipo wazi za kusindikizia. Lakini kabla hujaandika noti hata moja muulize dada aimbe mstari wake wa juu kabisa kwa D. Akikaza shingo, shuka mpaka A, Bayati ya A udi inaipenda vilevile. Sauti ya mwimbaji ndo inaamua, mpiga udi atazoea.

Kwa mstari wetu wa mfano upande wa kwanza uupeleke utue kwenye G, ule mlango wa Bayati, ukae hapo kama swali. Lazima yake iwe A, B flati, A, na kutua G juu ya dum. Upande wa pili ushuke nyumbani D, lazima yake F, E ile ya katikati, C, na kutua D. Vitu vidogo hivyo vinatosha. Nimeona watu wanaandika lazima ya noti kumi na mbili ya kuonesha vidole, mwimbaji anaingia na wao bado hawajamaliza.

Tuje kwenye uji wako. Uji unatoka kwenye jambo moja: udi, ganuni na fidla zote mbili wanapiga melodia moja, kwenye oktava moja, na kila mmoja anaipamba kivyake. Melodia moja si kosa, taarab ndo ilivyo, wote tunafata njia moja na mwimbaji. Kosa ni oktava moja na mapambo manne kwa wakati mmoja. Kwa hiyo gawa oktava kwanza. Udi abaki chini, kwenye nyuzi zake nene na za kati. Ganuni ichukue katikati na juu, mikono miwili kwa oktava mbili, hapo ndo inapong'ara. Fidla ya kwanza juu, ya pili oktava chini yake, na si sauti ya pili ya kwaya! Usiandike kodi za sauti tatu tatu. Ukishaweka kodi ya C chini ya ile E ya Bayati inasikika kama imekosewa, kwa sababu masikio yanaambiwa ni E kamili. Oktava, au D na A zikivutwa chini kimya, inatosha.

Halafu gawa mapambo, na kanuni yangu ni ya mtu mmoja, wakati wowote anayepamba awe mmoja tu. Beti ya kwanza mwimbaji anaimba na udi peke yake nyuma yake, udi anamfata kama kivuli, anachelewa kidogo. Ganuni haifati, inajibu tu, lazima zote ni zake. Fidla zinyamaze beti nzima ya kwanza, najua ni ngumu kuwaambia watu wamekuja na fidla zao wakae kimya karibu dakika nzima, ila zitakapoingia kwenye kiitikio utasikia ukumbi unavofunguka. Beti ya pili fidla zinachukua lazima, ganuni inahamia kumfata mwimbaji, na udi anashuka kusaidiana na chelo. Beti ya tatu mchanganye, lakini hapo tayari masikio ya watu yanajua sauti ya kila mmoja.

Kuna sababu ya kimaumbile pia. Udi na ganuni vinadonolewa, sauti inazaliwa na kufa hapo hapo, mpigaji akitaka kuivuta lazima atetemeshe. Wote wawili wakitetemesha pamoja unasikia mvua kwenye bati. Fidla ndo pekee wenye pumzi ndefu, kwa hiyo kazi ya kuvuta ni yao. Na waambie wa fidla noti tatu za lazima na ile ya kutua ziende kwa upinde mmoja, usigeuzwe katikati. Upinde ukigeuzwa kila noti unapata kikwaru kidogo kila mara, na huo nao ni mkato, wengi hawaugundui kwa sababu wanailaumu ngoma.

Kwenye beti ya tatu ukitaka kugeuza hewa, kuna njia nzuri kutoka Bayati ya D: shikilia chini palepale, ila kutoka G kwenda juu ifanye Hijazi, yani A inakuwa flati na B flati inapanda kuwa B kamili. Wanaita Bayati Shuri. Inaleta huzuni ya ghafla halafu unarudi nyumbani kwenye mstari wa mwisho. Lakini fikiria mpiga ganuni. Udi na fidla wao ni kusogeza kidole tu, ganuni kila sauti imefungwa na vile vichuma vidogo vya upande wa kushoto, na vinageuzwa kwa mkono wa kushoto, na kila oktava ina vyake. Sauti mbili mara oktava tatu anazotumia, hivyo ni vikundi sita vya kugeuza, na kurudi tena sita. Ukimwandikia anapiga mpaka pigo la mwisho halafu makam mpya inaanza, atabahatisha. Mpe mizunguko miwili mizima ya kimya kabla ya mabadiliko, fidla zibebe, na mwambie oktava zipi tu atahitaji asihangaike na zote. Kurudi nyumbani mfanyie hivohivo, mistari miwili ya kwanza ya beti hiyo yeye apige, wa tatu mara ya kwanza anyamaze ageuze, ukirudiwa aingie.

Ganuni hiyohiyo ndo iwe kipimo cha wote kwenye kutyuni, manake yeye hawezi kusogea, wengine wanaweza. Ile E ya katikati ichukueni kwake, fidla na udi waitafute mpaka iungane. Na ityuniwe ndani ya ukumbi wenyewe mtakaopigia. Daraja la ganuni limekaa juu ya vipande vya ngozi, na ngozi inasikia hewa. Mimi niliwahi kutyuni nje kwenye baraza kwa karibu nusu saa, jioni ya joto la pwani lenye unyevu, nikaingia ukumbini kiyoyozi kinavuma, wimbo wa pili nyuzi zote zimehama na mwimbaji ananitazama. Sina hamu. Tangu hapo naingia saa moja kabla, naacha ganuni ikae wazi kwenye hewa hiyohiyo, ndo natyuni.

Dakika zako sita zinakaa hivi. Anza na taksim ya udi, yani apige peke yake kwa kubuni papo hapo, bila mdundo, kama sekunde arobaini na tano, apande mpaka G, arudi, atue D, na hiyo D ndo alama ya dumbaki kuingia. Utangulizi wa vyombo vyote mizunguko minane, hiyo ni sekunde arobaini na sita hivi. Kila beti mistari mitatu ni mizunguko sita, mstari wa mwisho urudiwe inakuwa minane. Kiitikio mistari miwili, mizunguko minne. Halafu lazima kubwa ya vyombo mizunguko minne, na hapo kabla ya beti ya tatu ndo unaiba ile miwili ya ganuni kugeuza vichuma. Jumla mizunguko kumi na sita kwa beti, dakika moja na nusu, beti tatu dakika nne na nusu na kidogo. Ukijumlisha zote ni dakika sita na sekunde chache. Ukiona mnafika nane basi mdundo umelala, pimeni tena 84. Taksim ya pili msiweke, najua mpiga ganuni ataomba yake, kwa shairi la beti tatu taksim mbili zinalifanya shairi liwe mgeni kwenye wimbo wake.

Usijipime na rekodi za Ikhwan Safaa wala Culture Musical Club, vile vikundi vikubwa vya Zanzibar, hao ni safu nzima ya fidla, akodian, dabo besi, na wamekaa pamoja miaka mingi, Ikhwan Safaa wenyewe ni wa 1905. Wewe na wapigaji sita uko karibu zaidi na vikundi vidogo kama cha Siti binti Saad, aliyesafiri mpaka Bombay kurekodi mwaka 1928. Ukizisikiliza sahani hizo sikiliza vyombo vinavyompisha mwimbaji na kurudi akishamaliza neno.

Mazoezi ya kwanza usiite watu wote. Mwite mwimbaji, udi na dumbaki tu, mpige beti zote tatu mpaka silabi ya saba ikae kwenye dum ya 5 bila kufikiri. Siku ya pili ganuni na lazima zake. Fidla na chelo siku ya tatu, na waandikie kwenye karatasi wapi wananyamaza, kwa herufi kubwa. Na kufunga wimbo, msipunguze mwendo. Pigo la 7 la mzunguko wa mwisho likishapita, F, E, C, wote kwa oktava zao, mtue D juu ya dum ya 1, dumbaki afunge kwa kiganja papo hapo, isipokuwa fidla moja iiache D iishe yenyewe kwenye upinde.